Sherehe ya kipaimara Uyole: watu wametapika, mpishi analaumiwa. Saa za kuanza kuumwa zinasema nini?

Mwana Uyole

Wakuu habari za Jumatano. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kabla ukoo haujagawanyika.

Jumapili tulikuwa na sherehe ya kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, hapa Uyole. Chakula kiliwekwa mezani saa 8:30 mchana: pilau, wali mweupe, nyama ya mchuzi, kuku wa kukaanga, ndizi na kachumbari. Saa 10:30 jioni mjomba akaanza kutapika. Kati ya saa 11 na saa 1 usiku nyumba nzima ikawa ndoo na mabeseni, na wa mwisho alianza saa 2 usiku. Watu wanatapika mpaka nyongo, tumbo linasokota, wachache wameharisha, ila sikusikia hata mmoja mwenye homa. Jumatatu asubuhi karibu wote walikuwa wanakunywa chai kama vile hakikutokea kitu.

Pilau na nyama vililetwa na mpishi wa kukodi asubuhi ya Jumapili. Wali mweupe na kuku vilipikwa nyumbani Jumamosi usiku, vikapashwa moto siku ya pili. Kaka amegoma kummalizia mpishi hela yake. Halafu shangazi yetu aliyerudi Tukuyu ameanza homa na kuhara jana usiku, naye anasema ni chakula kilekile. Kipi kilituponza?

Mchele wa Kyela

Pole sana mkuu. Mimi nauza mchele mwaka wa kumi na kitu, nakwambia bila kupepesa: huo ni wali mweupe uliolala. Wali ukilala kwenye sufuria unageuka sumu. Kosa lenu ni kwamba hamkuupasha vizuri. Mngeupasha mpaka ukatoa moshi, vijidudu vyote vingekufa na msingeumwa.

Dada Soweto

Flajili mbili asubuhi mbili jioni, siku tano. Kwangu haijawahi kushindwa. Mpe na shangazi.

Bwana Afya Mstaafu

Mwana Uyole, poleni. Nimefanya kazi ya uafisa afya mikoa hii miaka mingi na matukio ya sherehe na misiba ndiyo yalikuwa mkate wangu. Umeandika vizuri kuliko wengi, kwa sababu umetaja saa. Wengi wanaeleza rangi ya matapishi lakini hawajui walikula saa ngapi.

Kwanza niulize: kuna walioumwa ambao Jumapili asubuhi hawakuwa nyumbani kwenu? Namaanisha waliofika mchana, wakala, wakaondoka.

Mwana Uyole

Shikamoo mzee. Wapo. Familia nzima ya shemeji wametoka Mbalizi, wamefika saa 8 kasoro, wakala na kuondoka saa 10. Watatu kati yao walitapikia njiani.

Bwana Afya Mstaafu

Marahaba. Basi mlo uliowakutanisha wagonjwa wote ni wa saa 8:30 tu, na tunaweza kuhesabu kutoka hapo. Wa kwanza saa mbili baada ya kula, wengi saa mbili na nusu hadi nne na nusu, wa mwisho saa tano na nusu. Kutapika kumezidi kuhara, homa hakuna, kesho yake wamepona.

Mwendo huo haufanani na bakteria anayeingia tumboni akiwa hai na kufanya kazi ya kuambukiza. Huyo anahitaji muda. Lazima apite kwenye asidi ya tumbo, ajishike kwenye utumbo, azaliane, aanze kupenya ukuta wa utumbo, ndipo mwili ushtuke na kuwasha homa. Salmonela aharakishe vipi, mara nyingi anakuja baada ya nusu siku hadi siku moja na nusu. Mkila saa 8:30 mchana, ningetegemea wengi waanze usiku wa manane au Jumatatu, na wangekuwa na homa na kuhara kwa siku kadhaa.

Nyinyi mmeumwa haraka kwa sababu kazi ilikwisha kufanyika kabla hamjashika sahani. Bakteria walikaa kwenye chakula usiku kucha, wakazaliana, wakatoa sumu humo humo. Mlichokula ni sumu iliyo tayari. Inafika tumboni, inagusa mishipa inayoamsha kutapika, basi. Ikishatoka, ugonjwa umekwisha, ndiyo maana Jumatatu watu wanakunywa chai.

Hapo Mchele wa Kyela amepatia nusu. Wali uliolala ni mtuhumiwa halali kabisa. Yule mdudu wake, Basilasi sereusi, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiiva zinabaki zimelala, wali ukikaa vuguvugu zinaamka. Aliposema mngeupasha mngepona, hapo nakataa. Moto unaua bakteria, lakini sumu yake ya kutapisha hauiondoi. Sumu hiyo inastahimili hata joto kubwa kuliko maji yanayochemka. Mngeupasha mpaka ukaungua chini, bado mngetapika.

Mchele wa Kyela

Sawa mzee, ila basi nimeshinda, ni wali.

Bwana Afya Mstaafu

Bado. Yupo mwingine mwenye saa hizo hizo: stafilokoki, yule wa majipu na vidonda, anayekaa puani na kwenye ngozi ya watu wasioumwa kitu kabisa. Sumu yake nayo haijali kuchemshwa. Kwa saa peke yake huwezi kuwatenganisha hawa wawili. Saa zimetupunguzia orodha, hazijatupa jina. Sasa inabidi ujue nani alikula nini.

Mwana Uyole, piga simu. Usiwaulize wagonjwa peke yao, hapo ndipo watu wanaharibu. Waulize na wazima. Kila mmoja: ulikula pilau, wali, kuku, nyama? Uliumwa? Andika kwenye daftari.

Baridi ya Makete

Mimi naomba kupinga kidogo. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba maji yanaganda nje. Chakula tunaacha jikoni usiku, asubuhi kiko kama kimetoka kwenye friji. Mbeya nako baridi. Hivi kweli kitu kinaweza kuchacha usiku mmoja?

Mama Ntilie wa Mwanjelwa

Kaka wa Makete, wewe umewahi kupika sufuria la kilo ishirini? Mimi napika. Nikiepua pilau saa 3 usiku na kufunika, saa 11 alfajiri ukichomeka mwiko katikati bado kuna joto. Juu pamepoa, kati pamoto. Baridi ya nje haifiki huko. Na kwenye sherehe watu wanafunika na nailoni na blanketi juu yake, wakidhani wanakitunza.

Mimi cha kulala nakimwaga kwenye masinia mapana, kina kisizidi vidole vitatu, kinapoa haraka ndipo kinaingia kwenye friji. Na nyama nakata vipande vidogo. Mteja akilalamika tumbo jina langu limekwisha sokoni.

Bwana Afya Mstaafu

Mama Ntilie amemaliza. Sahani moja ya ugali Makete itapoa. Sufuria kubwa lililofunikwa linajitunzia joto lake, na joto la uvuguvugu ndilo bakteria wanalolipenda.

Kijana wa Mafinga

Kamwene. Nina kisa kinachofanana, mzee utuambie. Msiba wa babu mwaka jana, tulikula nyama ya ng'ombe na ugali saa 2 usiku. Nyama ilichemshwa mchana kwenye pipa, ikakaa, ikapashwa kidogo. Hakuna aliyetapika hata mmoja. Lakini kuanzia saa 10 alfajiri mpaka asubuhi foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya rambirambi. Tumbo linakata, kuhara maji, homa hakuna. Jioni watu wazima kabisa. Tukasema ni mchawi wa ukoo wa pili.

Bwana Afya Mstaafu

Kamwene mwanangu. Mchawi wenu naona jina lake ni Klostridia pafrinjensi, ingawa bila kipimo siwezi kula kiapo. Saa nane baada ya mlo na kuendelea, tumbo kukata na kuhara bila kutapika, bila homa, siku moja imekwisha, na chanzo ni nyama nyingi kwenye chombo kikubwa. Ni picha yake.

Huyu nampenda kwa sababu anavuruga mgawanyo wa watu. Si sumu iliyo tayari kwenye chakula, wala si uvamizi. Mbegu zake zinanusurika kuchemshwa, zinaamka nyama ikipoa polepole, na kwenye uvuguvugu mzuri wanaongezeka mara dufu ndani ya dakika kumi hivi. Mnawala wakiwa hai, wengi mno, na sumu wanaitolea ndani ya utumbo wenu. Kwa hiyo anachelewa kuliko stafilokoki na anawahi kuliko Salmonela. Na kwa huyu, tofauti na wale wa kutapisha, kupasha nyama mpaka ichemke kote kungesaidia, kwa sababu anategemea kufika tumboni akiwa hai. "Ikapashwa kidogo" ndiyo iliwaponza.

Chipsi Kavu

Mimi nikila chipsi mayai pale stendi, dakika ishirini tu nakimbilia choo. Si mara moja. Hiyo ni sumu kali ya aina gani?

Bwana Afya Mstaafu

Dakika ishirini ni mapema mno hata kwa sumu iliyo tayari, na kama inajirudia kila ukila mafuta mengi, naona ni utumbo wako unavyopokea mlo, au kilichokuwa tumboni tangu jana kimesukumwa. Mwone daktari kama unapungua uzito au unaona damu.

Niongeze jambo moja la hatari hapo. Mtu akila, ndani ya dakika chache au saa moja mbili akatapika huku mate yanamtoka, jasho jingi, macho yana mboni ndogo kama ncha ya sindano, msikae kuhesabu saa kwenye uzi. Hiyo inaweza kuwa dawa ya kuua wadudu wa mazao. Huku kwetu tunapuliza nyanya, viazi na mahindi, na vyombo vya dawa vinageuzwa vya jikoni. Kimbiza hospitali.

Mwana Uyole

Wakuu nimepiga simu jana na leo asubuhi. Nimewapata watu 23, wagonjwa 12 na wazima 11. Shangazi sijamweka.

Pilau na nyama karibu kila mtu alikula, wagonjwa kwa wazima. Waliokula wali mweupe ni 15, wakaumwa 8. Wasioula wali ni 8, wakaumwa 4. Kuku walikula 14, wakaumwa 11. Wasiokula kuku ni 9, akaumwa mmoja.

Nimeangalia mpaka macho yanauma. Wagonjwa 8 wa wali si wengi?

Bwana Afya Mstaafu

Kazi safi. Usiangalie wagonjwa wangapi walikula wali. Linganisha walioula na wasioula. Walioula, nusu wameumwa. Wasioula, nusu wameumwa vilevile. Maana yake kula wali au kutokula hakukubadilisha chochote. Sasa tazama kuku: 11 kati ya 14 upande mmoja, 1 kati ya 9 upande wa pili. Hapo pana pengo. Wale 8 wa wali waliumwa kwa sababu wengi wao walikula na kuku.

Pilau na nyama ni vigumu kuvihukumu kwa hesabu hii, kwa kuwa walikula karibu wote. Lakini kama pilau ndiyo ingekuwa na sumu, wale wasiogusa kuku wangepona kwa muujiza gani?

Huyo mmoja asiyekula kuku asikusumbue sana. Huenda kijiko cha kuku kilichota pilau yake, au amesahau alionja kipapatio jikoni. Kila orodha ina mtu wa namna hiyo.

Sasa niambie habari za kuku. Nani aliwakaanga, nani aliwapasua, walilala kwenye nini?

Mwana Uyole

Hapa ndipo pagumu mzee. Walikaangwa na wifi zangu wawili, wakaisha saa 4 usiku. Wakapasuliwa vipande kwa mikono wakiwa wa moto, wakajazwa kwenye ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko, zikakaa jikoni karibu na jiko la mkaa mpaka asubuhi. Saa 7 mchana wakapitishwa kwenye mafuta ya moto tena. Harufu ilikuwa nzuri kabisa.

Na mmoja wa wifi alikuwa na kidole kimefungwa kitambaa. Kilikatwa na kisu Alhamisi, kikatunga usaha.

Mama Ntilie wa Mwanjelwa

Yesu wangu.

Mchele wa Kyela

Mchele umesafishwa jina. Naondoka kwa heshima.

Bwana Afya Mstaafu

Picha imekamilika kadiri inavyoweza kukamilika kwa simu. Kukaanga Jumamosi kuliua karibu kila kitu, kuku akabaki kama shamba lililolimwa halina magugu. Mkono wenye usaha ukapanda stafilokoki peke yake, bila mshindani. Ndoo iliyofunikwa pembeni ya jiko ikawatunzia uvuguvugu, saa tisa au zaidi. Mafuta ya Jumapili yakawaua wao, sumu ikabaki. Na sumu hii haina harufu wala ladha, kwa hiyo wifi zako wasingeweza kujua kwa kunusa.

Neno langu lina mpaka. Stafilokoki anaweza kutoka hata kwa mtu asiye na kidonda, akishika pua tu. Uthibitisho ungekuwa kuku aliyebaki apelekwe maabara. Wamebaki?

Mwana Uyole

Walitupiwa mbwa Jumapili usiku.

Mwalimu Kihesa

Mbwa walitapika? Nauliza kwa nia njema.

Mwana Uyole

Mmoja ndiyo. Lakini yule hula kila kitu.

Mzee, na shangazi je? Leo anasema choo kina utelezi na michirizi ya damu, homa haijashuka.

Bwana Afya Mstaafu

Shangazi mwondoe kabisa kwenye kuku wa wifi. Sumu ile haimsubiri mtu siku mbili, na haileti homa na damu. Yeye ana bakteria aliyeingia akiwa hai na anayeumiza utumbo. Na kosa la kila mgonjwa ni kulaumu mlo wa mwisho anaoukumbuka kwa hasira. Kwake inabidi kurudi nyuma.

Ameanza Jumanne saa ngapi?

Mwana Uyole

Saa 3 usiku.

Bwana Afya Mstaafu

Kampilobakta huchukua siku mbili hadi tano, kwa hiyo mlo wake uko kati ya Alhamisi usiku na Jumapili usiku. Shigela siku moja hadi tatu: Jumamosi usiku mpaka Jumatatu usiku. Salmonela kwa kawaida yake angeelekeza kwenye milo ya Jumatatu asubuhi mpaka Jumanne asubuhi, ingawa anaweza kuchelewa mpaka siku tatu. Unaona dirisha linavyokuwa pana kadiri siku zinavyoongezeka. Kwa nyinyi nilitafuta mlo mmoja, kwa shangazi natafuta milo kumi. Alikula nini siku hizo?

Mwana Uyole

Ijumaa na Jumamosi asubuhi alikuwa Tukuyu, kila siku anakunywa maziwa ya ng'ombe wake bila kuchemsha, anasema yaliyochemshwa hayana nguvu. Jumapili kwetu alikula ndizi na kachumbari. Jumatatu njiani alinunua kuku wa mshikaki.

Binti Rungwe

Maziwa mabichi tumekunywa tangu bibi zetu, hatujafa. Msitafute mchawi kwa ng'ombe. Mimi nasema kachumbari ya sherehe, maji ya kuoshea nyanya yalitoka wapi?

Bwana Afya Mstaafu

Binti Rungwe, kachumbari sijaiondoa. Ila mgonjwa mmoja hana wa kulinganishwa naye. Maziwa mabichi na kuku asiyeiva vizuri ni vyanzo vya Kampilobakta vinavyojulikana sana, maji na mikono ni njia ya Shigela. Saa haziwezi kuchagua hapo. Apimwe choo, na apimwe kabla hajameza Flajili ya Dada Soweto, maana dawa ikitangulia maabara inaweza isiote kitu. Flajili haigusi sumu ya kuku wenu, na kwa bakteria hawa watatu si dawa yao. Damu na homa ni vya hospitali, hasa kwa mtu mzima wa umri wake. Wakati huo anywe maji yenye zile pakiti za chumvi na sukari, kidogo kidogo.

Dada Soweto

Mimi nilisaidia tu. Kwangu inafanya kazi.

Mama Ntilie wa Mwanjelwa

Mwana Uyole, hela ya mpishi imelipwa?

Mwana Uyole

Nimemtumia nusu mimi mwenyewe. Kaka anasema mpaka asikie kutoka kwa daktari, si kwa watu wa mtandaoni. Na mkewe hataki kidole kitajwe, anasema ni maji ya kachumbari kama Binti Rungwe.

Shangazi amepelekwa hospitali mchana huu. Alikwisha kumeza vidonge viwili alivyopewa na jirani. Choo kimechukuliwa, wamesema majibu ya kuotesha yatachukua siku kadhaa.

Mwalimu Kihesa

Wakati tunasubiri: kama kachumbari ndiyo, wale 9 wasiokula kuku walikula kachumbari wangapi?

Mwana Uyole

Sikuuliza kachumbari. Napiga tena.